Shajara ya mradi: kutoa maandishi ya chini kwenye fremu za video, mistari na vistari vikae kama vilivyo

2 Juni 2025. Kilichopo mkononi

Tuna DVD za mahojiano ya wachumaji na waanikaji wa karafuu, yaliyopigwa vijijini huku Pemba. Mtafiti anauliza, mzee anajibu, na maandishi ya chini yanafuata maneno yao. Aliyeyaweka maandishi aliyachoma ndani ya picha yenyewe, na faili la kazi lake halipo tena. Skuli moja ya Wete inataka maandishi hayo kwenye faili la SRT, yaani faili la maandishi matupu yenye namba na muda wa kila kipande, ili yaonyeshwe kwa herufi kubwa zaidi, na nakala ya karatasi iwekwe pamoja na DVD.

Mwalimu aliyetuomba kazi hii alitoa sharti moja tu: kiandikwe kilichoonekana kwenye skrini. Mstari ulipokatwa, ukatwe hapo hapo. Penye kistari cha msemaji kiwepo, pasipo kistari kisiongezwe hata kama mtu anajua fika kwamba aliyesema ni mwingine. Ana haki. Wasemaji wawili wanapoingia kwenye kipande kimoja cha maandishi, vistari ndivyo pekee vinavyoonyesha nani kasema nini. Vikipotea, swali la mtafiti linageuka kauli ya mzee.

Kabla ya kuanza kusoma picha hakikisha kwamba huna haja ya kuzisoma. Pengine maandishi yamo ndani ya faili kama mkondo wa pembeni, na hapo unayachomoa tu. Programu ya `ffprobe` inakuorodheshea vilivyomo:

```
ffprobe -hide_banner -probesize 200M -analyzeduration 200M mahojiano.vob
```

Ukiona mstari wenye neno `Subtitle`, shughulika na huo kwanza. Kuna jambo moja la kukumbuka: mkondo wa DVD wa `dvd_subtitle` nao ni picha, si herufi, kwa hiyo bado utahitaji kuusoma kwa kompyuta. Faida yake ni kwamba hauna mandhari nyuma. Zetu zilionyesha `Video` na `Audio` peke yake.

5 Juni. Picha ya skrini inatoka wapi

Wasaidizi wawili walikuwa wameshaanza kwa simu: wanasimamisha video, wanapiga picha ya skrini, wanaituma kwa WhatsApp, kisha wanabonyeza maandishi kwenye picha na kuyanakili. Maneno yalitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Umbo halikutoka. Mistari miwili ilikuja ikiwa mmoja, na vistari vingine vilibaki katikati ya sentensi kama alama ya kutoa. Picha nazo zilikuwa zimebanwa njiani, na kila herufi ina ukungu pembeni.

Picha ya skrini ya kompyuta ina tabu yake pia. Programu ya kuchezea video huinyoosha picha ijae skrini, na ukisimamisha, ule upau wa vitufe hupanda juu ya mstari wa pili. Njia safi ni kuitoa fremu kwenye faili lenyewe, kwa ukubwa wake wa asili, na kuihifadhi kwa PNG isiyopoteza kitu tena:

```
ffmpeg -ss 00:12:41 -i mahojiano.vob -frames:v 1 -vf yadif fremu.png
```

Hiyo `yadif` ni kwa sababu picha za DVD hizi, 720 kwa 576, zimefumwa: mistari ya witiri ni ya nukta moja ya wakati, ya shufwa ni ya nyingine. Kuna njia nyepesi ya kuondoa ufumaji huo, ya kutupa nusu ya mistari na kunyoosha iliyobaki, na kuna programu zinazoitumia bila kukwambia. Herufi zitaivumilia. Kistari hakitaivumilia, kwa sababu kwenye DVD zetu unene wake ni pikseli tatu hivi, na ukitupa nusu kinabaki uzi. `yadif` huangalia kama mahali pametulia, na maandishi ya chini yametulia, kwa hiyo hayaguswi sana.

Chagua wakati wa katikati ya kipande. Mwandishi wa maandishi haya aliyafanya yajitokeze taratibu na kufifia taratibu, na fremu ya mwanzo kabisa ina herufi za kijivu ambazo hazisomeki.

11 Juni. Maneno yapo, vistari havipo

Kipande nitakachokitumia kama mfano mpaka mwisho ni hiki, kama kinavyoonekana kwenye skrini. Mtafiti yuko kwenye uwanja wa kuanikia, majamvi yamejaa karafuu:

```
-Umeshaondoa makonyo yote?
-Bado. Ng'ombe kapita juu ya jamvi.
```

Kisomaji tunachotumia ni Tesseract, cha bure, na kina faili la lugha ya Kiswahili la `swa`. Kukipa fremu nzima ni kujitafutia balaa: kinajaribu kusoma karafuu na ukili wa jamvi, na kinakuletea mistari ya alama za ajabu. Kwa hiyo tunakata sehemu ya chini tu, tunaikuza mara nne (kisomaji hiki hakipendi herufi ndogo), tunageuza kila kilicho cheupe sana kuwa cheusi na vingine vyote kuwa vyeupe, kisha tunaongeza ukingo mweupe pande zote.

Kwa kikomo cha weupe cha 85% tulipata hivi:

```
Umeshaondoa makonyo yote?
Bado. Ng’ombe kapita juu ya jamvi.
```

Kila neno sahihi, mistari miwili, na vistari vyote viwili vimekwenda. Msaidizi mmoja alisema kisomaji kinavidharau, tukatafute kingine. Kabla ya kukilaumu kisomaji, fungua picha ile nyeusi na nyeupe uliyokilisha na uikuze. Tulipofungua yetu, vistari havikuwemo kabisa. Vilikufa hatua moja nyuma, kwenye kikomo.

Sababu inaonekana ukisoma rangi ya pikseli moja moja. Shina la herufi `U` ni pana, kwa hiyo katikati yake weupe ni kamili. Kistari kina pikseli tatu za unene, na kimezungukwa na ukingo mweusi uliowekwa ili maandishi yasomeke juu ya mandhari yoyote. Mbano wa video unachanganya weupe na weusi huo, na hata pikseli ya katikati ya kistari haifiki 85%. Kwenye kipande hiki ilikuwa kama 70%. Nukta za `i` na `j` huathirika vilevile, ila kisomaji kinazijazia kwa kukisia, na kwa kistari hakina cha kukisia.

Tulishusha kikomo hadi 60%. Vistari vikarudi, na pamoja navyo yakaja majamvi, kanzu ya mzee na kipande cha anga. Kisomaji kikaanza tena kusoma ukili.

16 Juni. Fremu nyingi badala ya moja

Dawa ya hilo ni kuacha kutegemea fremu moja. Kipande kinakaa kwenye skrini sekunde mbili tatu, na muda wote huo herufi hazisogei hata pikseli. Kinachosogea ni vilivyo nyuma: mkono unageuza karafuu, kamera inatikisika, mtu anapita. Ukizipanga fremu zote za sekunde moja na nusu, na kwa kila pikseli ukachukua thamani nyeusi kuliko zote iliyowahi kuwa nayo, herufi zinabaki nyeupe kwa sababu hazikuwahi kuwa nyeusi, na mandhari yanazama gizani.

```
ffmpeg -ss 00:12:40.5 -i mahojiano.vob -t 1.5 \
  -vf "yadif,crop=720:130:0:430,scale=iw*4:ih*4:flags=lanczos" f_%03d.png

magick f_*.png -evaluate-sequence Min -colorspace Gray \
  -threshold 60% -negate -bordercolor white -border 40 m.png

tesseract m.png kipande -l swa --psm 6 txt tsv
```

Namba za `crop` ni upana, urefu, kisha mahali pa kuanzia kutoka kushoto na kutoka juu. Za kwenu zitakuwa nyingine. Pima kwenye fremu yenye mistari miwili, si mmoja. `--psm 6` inakiambia kisomaji kwamba mbele yake kuna fungu moja la maandishi na kisijishughulishe kutafuta safu za gazeti.

Hapo ndipo 60% ilipoanza kufaa. Vistari vimo, jamvi halimo.

Mambo mawili yanaweza kuiharibu njia hii, na yote mawili yanajionyesha. La kwanza ni kuchukua muda unaovuka kutoka kipande kimoja hadi kingine. Hapo herufi za kipande cha kwanza zinafutwa na giza la cha pili, na za cha pili zinafutwa na la cha kwanza. Picha inatoka tupu, au imebaki na vijipande vilivyotawanyika pale herufi za vipande viwili zilipopandana. Ukiona vumbi la namna hiyo usihangaike na kikomo, sogeza muda. La pili ni mandhari yaliyotulia kweli. Mzee aliyevaa kanzu nyeupe akikaa kimya na kamera iko kwenye miguu yake mitatu, hakuna kinachosogea, na kanzu inabaki nyeupe kama herufi. Vipande hivyo tumeviweka kando.

Usiache picha za kipande kilichopita kwenye folda hiyo hiyo. `f_*.png` itazichukua zote, na matokeo yatakuwa yale yale ya kuvuka kipande.

20 Juni. Mstari mtupu unaomeza jibu

Mwalimu alijaribu SRT ya kwanza kwenye projekta ya skuli. Swali linaonekana, jibu halionekani. Kwenye faili la maandishi jibu lipo.

Tazama kilichotoka kwenye kisomaji:

```
-Umeshaondoa makonyo yote?

-Bado. Ng’ombe kapita juu ya jamvi.
```

Kisomaji kilikiona kile kistari cha pili kama mwanzo wa aya mpya, kikaweka mstari mtupu katikati. Kwa kusoma kwa macho haidhuru. Kwenye SRT mstari mtupu una kazi maalumu: ndio unaofunga kipande. Programu ya video inasoma namba, muda, mstari wa kwanza, inakuta mtupu, inafunga. Jibu la mzee linabaki nje ya kipande chochote. Programu nyingine hulitupa kimya kimya, nyingine hulalamika.

Kwa hiyo hatuchukui tena faili la `.txt`. Tunachukua `.tsv`, jedwali ambalo kila neno lina safu yake pamoja na namba ya fungu, ya aya na ya mstari, na vipimo vya mahali lilipo kwenye picha. Tunakusanya maneno yenye namba sawa za fungu, aya na mstari, tunayaunga kwa nafasi moja, na mwisho wa kila kundi tunashuka mstari mara moja. Mpaka wa aya hatuujali. Mistari inakuwa mingi kama ilivyo kwenye skrini, na hakuna mtupu.

Jedwali hilo lina faida ya pili, ambayo ndiyo niliyoitaka zaidi. Safu zenye `level` 4 ni za mistari mizima, na zinakupa juu na chini ya kila mstari. Ukijua mstari uko wapi, unaweza kukitafuta kistari wewe mwenyewe kwenye picha bila kumuuliza kisomaji.

26 Juni. Kukitafuta kistari kwa vipimo

Kisomaji bado kilikuwa kinakosa. Kistari kimoja kinakipata, kingine kinakiita nukta, kingine kinakiunganisha na herufi inayofuata. Kistari ni kitu rahisi mno kuachiwa kisomaji: ni wino wa kwanza kushoto, mpana kuliko urefu wake, na mwembamba ukilinganisha na mstari mzima. Hayo yanapimika.

```python
import numpy as np

def kistari(a, juu, chini):
    m = a[juu:chini]
    nguzo = np.where(m.any(axis=0))[0]
    pengo = np.where(np.diff(nguzo) > 1)[0][0]
    k = m[:, nguzo[0]:nguzo[pengo] + 1]
    r = np.where(k.any(axis=1))[0]
    kimo = r[-1] - r[0] + 1
    return k.shape[1] > 1.5 * kimo and kimo < 0.25 * (chini - juu)
```

`a` ni picha ile nyeusi na nyeupe ikiwa jedwali la ndiyo na siyo, wino ni ndiyo. Tunakata ukanda wa mstari kwa upana wote wa picha. Hili la upana wote ni muhimu, kwa sababu kisomaji kikikosa kistari, vipimo vyake vya kushoto huanzia kwenye herufi ya kwanza na kistari kinabaki nje. Kisha tunachukua kitu cha kwanza mpaka pengo la kwanza, tunaangalia umbo lake. Herufi yoyote itashindwa kwa urefu. Nukta za kukatiza maneno zitashindwa kwa upana, maana nukta ni duara. Alama za kufungua nukuu zinasimama wima.

Inakosea pale uchafu unapotangulia kushoto ya mstari. Chembe moja ya karafuu iliyosalimika inakuwa ndiyo "kitu cha kwanza", na kistari kinakanwa. Tumeongeza hatua ya kufuta chembe ndogo kuliko nukta ya `i` kabla ya kupima.

Programu inafanya jambo moja tu na jibu: vipimo vikisema kipo na kisomaji kimesema hakipo, au kinyume chake, kipande kinawekewa alama ya kukaguliwa na mtu. Hairekebishi yenyewe.

Likaja swali la kistari kipi. Kuna kifupi cha kwenye kibodi, kuna cha kati, kuna kirefu, na kisomaji kinakupa chochote kati ya hivyo kwa siku yake. Tulipima upana wa kistari dhidi ya upana wa herufi `n` ya mstari huo huo. Kwenye Arial na herufi za jamaa yake, kifupi ni chembamba kuliko `n`, cha kati kinaizidi kidogo, na kirefu kinakaribia mara mbili yake au zaidi. Chetu kilikuwa zaidi kidogo ya nusu ya `n`, kwa hiyo ni kifupi, `-`, na kimebanana na herufi bila nafasi. Hivyo ndivyo kilivyo kwenye faili karibu zote. DVD moja ina kirefu chenye nafasi baada yake. Hiyo nayo imeachwa hivyo hivyo, haikulinganishwa na wenzake.

Kinyume chake, ile alama ya `ng’` iliyopinda tumeirudisha kuwa `'`. Hapo kisomaji ndicho kilichobadilisha, si mwandishi. Kwenye skrini imesimama wima.

3 Julai. Programu zinazojifanya zinajua

Kazi ya kukagua tuliigawa kwa watu, na vistari vikaanza kupotea upya, safari hii kwa mikono safi kabisa.

Aliyefungua maandishi kwenye programu ya kuandikia barua alirudisha orodha yenye vidoto. Mstari unaoanza na kistari, programu inadhani unaandika orodha, inakifuta kistari na kuweka kidoto chake. Ukinakili kurudi kwenye SRT kidoto kinakuja, au hakiji kitu. Aliyetumia programu ya majedwali alikuta `-Bado` imegeuka `#NAME?`, kwani kule alama hiyo mwanzoni mwa kisanduku ni mwanzo wa hesabu, na kompyuta inamtafuta huyo Bado wa kumtoa. Tukakubaliana: kihariri cha maandishi matupu tu, na faili ihifadhiwe kwa UTF-8. Jedwali likihitajika kwa ukaguzi, safu ya maandishi ipewe aina ya maandishi kabla ya kubandika.

Kuna ubishi mmoja ulituchukua alasiri nzima. Kipande kimoja kina mistari miwili, wa kwanza hauna kistari, wa pili unacho. Mkaguzi alitaka kuongeza cha kwanza "ili iwe sawa". Lakini ziko desturi mbili za kuandika maandishi ya chini: wengine huweka kistari kwa wasemaji wote wawili, wengine huweka kwa wa pili tu, kuonyesha kwamba sauti imebadilika. Mwandishi wetu alitumia ya kwanza karibu kila mahali, na hapa alitumia ya pili, au alisahau. Kutoka kwenye fremu huwezi kujua. Kimebaki kama kilivyo, na maoni ya mkaguzi yameandikwa kwenye faili la pembeni lenye namba ya kipande na muda wake. Faili hilo la pembeni ndilo pia linalobeba makosa ya tahajia ya mwandishi wa awali. Hatugusi neno ndani ya SRT.

9 Julai. Ilipofika, na ilivyogharimu

Kipande cha mfano kimekaa hivi:

```
87
00:12:40,200 --> 00:12:43,000
-Umeshaondoa makonyo yote?
-Bado. Ng'ombe kapita juu ya jamvi.
```

Programu zote tulizotumia ni za bure. Pesa imekwenda kwenye kiendeshi cha DVD cha USB, shilingi 45,000, bando la kupakulia programu na faili la lugha, 15,000, na malipo ya msomaji aliyelinganisha SRT na video mstari kwa mstari, 60,000. Umeme ukikatika ile hatua ya kukusanya fremu inaanza upya, kwa hiyo sasa tunaigawa kwa dakika tano tano za video.

Vipande vya kanzu nyeupe vimeandikwa kwa mkono. Mmoja anatazama fremu iliyokuzwa na kusoma kwa sauti, pamoja na "kistari" na "chini" pale mstari unapokatika, mwengine anaandika, kisha wanabadilishana na kusoma upya. Programu ya kupima vistari inaruka vipande hivyo, na kwenye faili la pembeni vina herufi `M` mbele ya namba.

DVD iliyobaki ina maandishi ya njano badala ya meupe. Huko `-colorspace Gray` inaipunguzia njano mwangaza, na kikomo cha 60% kinahitaji kupimwa upya. Nitaanza kwa kuchukua mkondo wa kijani peke yake, kwa `-channel G -separate`, kwa kuwa njano safi ina kijani kamili.